Msumari Ambao Haukuandikwa

Kijana alikuwa anachechemea. Alikuja ofisini, yaani kwenye kontena tulilowekea michoro na vitabu vya saiti, kuulizia malipo yake ya wiki iliyopita. Nilipomuuliza mguu umefanya nini akasema amechomwa na msumari Jumanne, alipokuwa akibeba mbao zilizobomolewa chini ya slabu. Fomeni alimpa 10,000 za nauli na dawa, akamwambia akapumzike, arudi akipona. Nilifungua kitabu cha ajali. Jumanne hakuna kitu. Jumatano hakuna kitu. Kurasa zote tangu tuchimbe msingi zilikuwa nyeupe, na siku mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimemjazia fomeni huyo tathmini ya miezi mitatu na kumpa alama 5 kati ya 5 kwenye usalama.

Tulikuwa tunajenga bweni la ghorofa moja Morogoro, mimi nikiwa mhandisi wa saiti. Kwa asiyejua kazi zetu, mhandisi ndiye anayesoma mchoro na kusema nguzo ikae wapi na zege liwe na nguvu kiasi gani. Fomeni ndiye anayeamua asubuhi nani apande juu, nani achanganye zege, nani akate nondo, na ndiye anayesimama hapo jua likiwaka mpaka kazi iishe. Makosa ya mhandisi yanaonekana kwenye karatasi. Ya fomeni yanafunikwa na lipu. Ndiyo maana wakandarasi wengi humpima kila baada ya miezi kadhaa kwa mambo manne: usalama wa watu, kwenda na ratiba, upotevu wa vifaa, na namna anavyowaongoza mafundi na vibarua. Fomu ina visanduku vinne na kila kimoja kinadai alama.

Tuanze na kile nilichokikosea. Nilimpa fomeni alama zote kwa sababu kitabu cha ajali kilikuwa kitupu. Lakini kitabu kitupu kina maana mbili: hakuna aliyeumia, au walioumia walipewa nauli. Fomeni akijua kwamba kila mstari wa kitabu hicho utamkatia alama, mkono wake utakuwa mzito kuandika. Anayebeba hasara ni kibarua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa taarifa za ajali kazini, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauwezi kumlipa mtu kwa ajali ambayo haikuripotiwa kokote. Msumari wenye kutu unaweza kuleta pepopunda. Kijana yule hakuwa amechomwa sindano ya kinga, na kama angezidiwa kijijini kwao kusingekuwa na karatasi hata moja inayosema aliumia kwetu.

Tangu siku ile sipimi usalama kwa kuhesabu walioumia. Ninapima kwa kutembea. Mara mbili kwa wiki, saa ambayo sijaitangaza, ninazunguka saiti na karatasi na kuangalia vitu 50 ambavyo viko mikononi mwa fomeni, kila kimoja nikiandika kiko sawa au hakiko sawa. Ngazi imefungwa juu na inavuka ukingo wa slabu kwa kama mita moja, ili anayeshuka awe na pa kushika? Tundu la bomba kwenye slabu limefunikwa kwa ubao uliopigiliwa, au limewekewa karatasi ya mfuko wa saruji ambayo mtu atakanyaga akidhani ni sakafu? Mbao zilizobomolewa zimeng'olewa misumari kabla ya kupangwa? Udongo wa mtaro umerundikwa mbali na ukingo, au umekaa juu ya vichwa vya waliomo ndani?

Mzunguko wa kwanza nilipata vitu 31 vilivyo sawa kati ya 50, sawa na asilimia 62. Namba hiyo peke yake si kitu, kwa sababu mhandisi mwingine angeweza kuwa mkali au mlegevu kuliko mimi. Faida yake inaonekana mtu yuleyule anapopima vilevile wiki baada ya wiki. Baada ya wiki sita tulifika 44. Na kuna jambo moja ambalo wakubwa wangu walilipinga mwanzoni: fomeni anayeandika matukio mengi ya "nusura", kwa mfano tofali lililoanguka bila kumgonga mtu, nampa alama zaidi. Saiti yenye watu 20 haiwezi kukaa mwezi mzima bila kitu hata kimoja kuponyoka. Asiyeandika hata kimoja ama haoni, ama anaona na kunyamaza.

Sasa vifaa. Hapa watu hukimbilia kusema wizi, na wizi upo. Lakini nataka kueleza hesabu ya slabu moja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kutomhukumu mtu kwa namba ya mwisho.

Slabu yetu tuliimwaga kwa sehemu mbili. Sehemu ya pili ilikuwa na urefu wa mita 12, upana wa mita 8 na unene wa sentimita 15. Zidisha, upate mita za ujazo 14.4. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo hula mifuko kama 6.3 ya kilo 50. Kwa hiyo slabu ile ilihitaji mifuko 91. Tukiongeza asilimia 5 kwa kinachomwagika na kinachoganda kwenye toroli, tunafika 96. Stoo ilitoa mifuko 108.

Mifuko 12 imezidi. Ningeweza kuandika "upotevu mkubwa" na kufunga fomu. Badala yake nilichukua futi na kupima unene wa slabu mahali 9, pembezoni na kwenye matundu ya mabomba. Wastani ulikuwa sentimita 16.2. Juu slabu ilikuwa sawasawa kama meza. Chini ndiko ilikojaa tumbo. Mbao zilikuwa zimebonyea kati ya mrunda na mrunda zege lilipozilemea. Sentimita moja na kitu ni unene wa kidole, lakini ukiitandaza kwenye slabu nzima inakula zaidi ya mita moja ya ujazo, ambayo ni mifuko 7. Ilikuwa humo humo ndani ya slabu, haikuibwa na mtu. Ikabaki mifuko mitano. Mitatu niliikuta stoo imekuwa mawe, kwa sababu ilipangwa chini kwenye sakafu bila mbao na maji ya mvua yaliingia. Miwili sikuipata, na sikumwandikia mtu.

Namba inayonitisha zaidi ni ile inayoshuka. Katika mradi mwingine, miaka ya nyuma, fomeni mmoja alisifiwa na kupewa bahasha kwa sababu slabu ya ukubwa kama huu aliimaliza kwa mifuko 81. Alikuwa ameokoa mifuko 10, na kila mtu alifurahi. Lakini saruji haiokoleki kwa namna hiyo. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35, kwa hiyo kwa kila mfuko mchanga uwe lita 70, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto lita 140, ndoo saba. Yeye alikuwa anaweka ndoo nne za mchanga na nane za kokoto. Nusu ndoo na ndoo moja tu, kila mara, na mwisho wa siku mifuko kumi haijafunguliwa. Siku ya 28 vipande vya majaribio vilipopondwa maabara vilikuja chini ya nguvu aliyoitaka mhandisi, na tukakaa wiki kadhaa na mirunda chini ya slabu tukisubiri zege likatwe na kupimwa upya. Tangu hapo, matumizi yakishuka chini ya hesabu ya mchoro, nasimamisha kwanza. Na saitini kwangu hatupimi kwa toroli, kwa sababu kila anayejaza toroli ana mlima wake. Tunatumia boksi la mbao la sentimita 40 kwa 35 kwa 25, ambalo linabeba lita 35 kamili. Mawili ya mchanga, manne ya kokoto, kwa mfuko.

Kwenye nondo, fomeni yule wa Morogoro alikuwa mzuri kuliko wote niliofanya nao kazi, na ilikuwa haki kuliandika hilo pia. Nondo huja na urefu wa mita 12. Bimu zetu zilihitaji vipande 40 vya mita 4.5. Fundi mwenye haraka hukata viwili kwenye kila nondo na kutupa kipande cha mita 3 kwenye rundo. Nondo 20 zinamwachia mita 60 za vipande, sawa na nondo tano nzima. Yeye alikuwa na karatasi ya ukataji mfukoni. Lenta za madirisha zilitaka vipande vya mita 1.5 vya unene uleule wa milimita 12, basi kila nondo aliikata mara mbili kwa 4.5 na mara mbili kwa 1.5, ikaisha bila kubaki kitu. Rundo la vipande vya nondo kwenye kona ya saiti linakueleza zaidi kuhusu fomeni kuliko atakachokueleza mdomoni.

Ratiba ndiyo inayopimwa vibaya kuliko yote. Desturi ni kuangalia kalenda: slabu ilitakiwa imwagwe tarehe fulani, imemwagwa au haijamwagwa? Lakini fomeni haagizi saruji wala hachori michoro, na mvua haimsikilizi. Njia ninayoitumia ilitokana na kazi za Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, na ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kila Jumatatu fomeni mwenyewe anataja kazi anazoahidi kumaliza wiki hiyo, ndogondogo na zinazoonekana: kusuka nondo za nguzo nne za mashariki, kupandisha ukuta wa chumba cha tatu hadi lenta. Jumamosi tunahesabu zilizokwisha. Zilizokwisha nusu hazihesabiwi. Kila iliyokwama tunaiandikia sababu hapohapo, kabla kumbukumbu hazijaanza kujipanga upya.

Wiki moja aliahidi kazi 24 zikaisha 17. Hiyo ni asilimia 71. Katika saba zilizokwama, tatu zilisubiri lori la saruji, moja mvua, na moja mchoro wa ngazi ambao mimi nilichelewa kuutoa. Mbili zilikuwa zake: aliwahamisha maseremala kwenda kazi nyingine bila kuziba nafasi yao, na alisahau kuagiza maji ya siku ya pili. Ukiziondoa zile tano ambazo hakuwa na uwezo nazo, alimaliza 17 kati ya 19, karibu asilimia 89. Namba zote mbili ni za kweli. Ile ya 71 ni ya mradi mzima, nami nimo. Ile ya 89 ndiyo yake, na ndiyo inayostahili kuingia kwenye fomu yake. Jambo la kuangalia ni fomeni anayejaza ahadi zake kwa kazi nyepesi. Kuta za ndani hupanda haraka na humpendeza mwenye mali akipita, ilhali nguzo ambazo ghorofa nzima inazisubiri bado hazijasukwa.

Kuhusu watu, sina namba nzuri kama hizo, na namwonea shaka anayedai anazo. Ninatazama orodha ya mahudhurio: mwezi wa kwanza tulikuwa na saidia fundi 22, na mwezi wa tatu 9 kati yao walikuwa bado wapo. Vibarua huhama, hilo ni la kawaida, lakini 13 kuondoka kuna jambo. Niliwauliza wawili watatu kwa mama ntilie, siyo ofisini. Hakuna aliyemlalamikia fomeni kwa matusi wala kwa kudai chochote ili awape kazi, jambo ambalo saiti nyingine limezoeleka na ni dhuluma kwa mtu anayelipwa kwa siku. Walisema malipo ya Jumamosi yalikuwa yakifika Jumatatu au Jumanne, na mtu mwenye watoto hawezi kusubiri. Malipo hayakuwa ya fomeni. Yalikuwa yanatoka makao makuu. Kipimo kingine ninachokiamini ni siku ambayo fomeni hayupo. Alipokwenda msibani kwa siku mbili, boksi la kupimia liliendelea kutumika na kikao cha dakika kumi cha asubuhi kilifanyika, fundi mmoja akikiendesha. Hiyo ilikuwa kazi yake, ingawa hakuwepo.

Nikarudia tathmini. Nilimwita tukae chini ya mwembe, siyo ndani ya kontena, maana ni mtu mzima aliyenizidi miaka zaidi ya 20.

"Shikamoo mzee. Nimekuita kwa habari ya yule kijana wa msumari."

"Marahaba, injinia. Nilijua utaniita."

Nikamwonyesha kitabu cheupe. Hakubisha. Akasema aliogopa kuandika kwa sababu fomeni aliyekuwepo kabla yake katika mradi uliopita aliondolewa baada ya ajali mbili kuandikwa, na hizo mbili hazikuwa kubwa. Kisha akaniuliza kama nimeangalia kitabu cha maombi ya vifaa. Sikuwa nimekiangalia. Akakifungua ukurasa ambao kona yake ilikuwa imekunjwa.

Sehemu ya kwanza ya slabu ilikuwa imeshikiliwa na mirunda 130. Ili kusuka sehemu ya pili bila kuigusa ya kwanza, aliomba mirunda 200 zaidi na mbao zake. Tarehe ipo, sahihi yake ipo, na chini yake sahihi yangu. Ikaletwa 40. Mimi nikawa nimeshamwambia sehemu ya pili imwagwe kwa tarehe ileile. Basi siku ya 12, badala ya siku 21 tulizokubaliana, akabomoa mbao za sehemu ya kwanza, akaacha mirunda 40 chini yake na kuchukua 90. Siku ya 12 ilikuwa Jumanne ile. Mbao zilishushwa mbiombio na misumari yake, kijana akakanyaga mmoja. Na kwenye sehemu ya pili, mirunda 130 ilitawanywa ikae umbali wa karibu sentimita 85 badala ya 70, mbao zikabonyea, na mifuko saba ya saruji ikaishia kwenye tumbo la slabu.

Jeraha, saruji iliyozidi, na ile tarehe ya ratiba niliyojivunia kwenye ripoti, vyote vilitoka kwenye lori moja la mirunda ambalo halikuja. Kwenye fomu vilikuwa vimekaa kwenye visanduku vitatu tofauti, na nilikuwa nimempa sifa kwenye kimoja kwa kitu kilichomharibia viwili vingine.

Hata hivyo sikumwachia. Kukosa mirunda hakumlazimishi mtu kuacha misumari kwenye mbao, na kung'oa msumari ni kazi ya nyundo na dakika chache. Kubomoa siku ya 12 bila kuniuliza kungeweza kutuua, maana slabu changa inayoshikiliwa na mirunda 40 haimpi mtu taarifa kabla ya kushuka. Alipaswa kukataa tarehe yangu, hata kwa sauti kubwa. Kuificha ajali ilikuwa kumnyima kijana haki yake. Alama yake ya usalama ilishuka kutoka 5 hadi 2, na nilimweleza kila moja iliyoondoka imeondoka kwa nini. Ya vifaa niliipandisha, kwa sababu ya nondo. Ya ratiba niliiandikia 89, na pembeni nikaandika sababu tano ambazo si zake, moja ikiwa na jina langu.

"Na hili la mirunda litakaa sanduku gani?" akauliza.

Fomu haikuwa na sanduku hilo. Tukachora mstari chini ya vile vinne, tukaandika: vitu vilivyoombwa na fomeni, tarehe vilipoombwa, kiasi kilicholetwa. Akasaini, nami nikasaini. Kisha akaomba kalamu, akavuta kitabu cha ajali, akarudi nyuma hadi Jumanne ile na kuandika jina la kijana, mguu wa kulia, msumari wa nchi tatu, mbao za slabu ya kwanza. Mchana huohuo kijana alipelekwa zahanati kuchomwa sindano, na gari lililompeleka lilipitia kwa muuza mirunda.